Chungu cha kupooza mboga: Faida ya Dodoma si faida ya Mbagala

Kwa mwenye genge la mboga, saa ngumu ya siku ni saa nane mchana. Mchicha, matembele na kisamvu vilivyonunuliwa alfajiri vikiwa vimesimama huwa vimelala chini, na fungu lililouzwa asubuhi kwa bei kamili huombwa kwa nusu bei au hubaki kwa mwenyewe. Kuanzia Tandale na Tegeta kwa upande wa Kinondoni hadi Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, hasara hiyo huingia kila siku bila kuandikwa popote. Ndiyo maana kila mara linapotokea pendekezo la kuuza au kununua vyungu vya kupooza mboga bila umeme, wenye mitaji midogo husikiliza kwa makini.

Pendekezo lenyewe si la uongo. Mwalimu mmoja wa kaskazini ya Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kusambaza vyungu viwili vinavyowekwa kimoja ndani ya kingine, kati yake mchanga uliolowa maji. Bilinganya zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilikaa siku 27 ndani ya vyungu hivyo. Hesabu hiyo imesafiri dunia nzima, na mara nyingi imesafiri peke yake bila kutaja hewa ya mahali ilikopimwa. Jimbo la Jigawa lipo ukingoni mwa jangwa, na kwa miezi mingi upepo wake ni mkavu wa kupasua midomo. Dar es Salaam ipo ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Kwa mfanyabiashara anayetaka kuweka fedha katika vyungu, tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe.

JINSI CHUNGU KINAVYOPOOZA

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa una vitundu vidogo sana katika ukuta wake. Maji hupenya polepole hadi nje, na ukuta hubaki na unyevu. Hewa inapopita, hubeba unyevu huo ukiwa mvuke. Maji hayawezi kugeuka mvuke bila kuchukua joto, na joto hilo hutoka katika ukuta wa mtungi na maji yaliyobaki ndani. Ni jambo lile lile linalomfanya mtu aliyetoka kuoga ahisi baridi akisimama penye upepo.

Nguvu iliyomo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto linalotosha kushusha nyuzi 1 ya sentigredi katika lita zipatazo 580. Mtungi wa lita 20 ukitakiwa kushuka nyuzi 4, maji yanayohitaji kupotea kwa kazi hiyo hayafiki hata glasi moja. Kwa siku nzima huhitajika zaidi ya hayo, kwa sababu joto la nje huendelea kuingia kupitia ukuta na mtungi hauna budi kulitoa tena. Hata hivyo, maji si kikwazo. Kikwazo ni hewa.

KWA NINI HEWA KAVU

Hewa ya joto fulani ina kiasi chake cha mvuke inachoweza kubeba, kama gunia lenye ujazo wake. Kipimo cha unyevu cha asilimia 30 maana yake ni kwamba gunia lina sehemu 30 tu kati ya 100, na zimebaki 70 za kujazwa. Kikiwa asilimia 80, gunia limekaribia kujaa. Maji ya ukuta wa mtungi huondoka upesi pale gunia lilipo tupu, na huondoka kwa shida pale lilipojaa. Likijaa kabisa, kama alfajiri yenye umande, mtungi haupoozi chochote.

Kutokana na hayo, kila hali ya hewa ina sakafu yake, yaani kiwango cha joto ambacho kitu kilicholowa maji hakiwezi kushuka chini yake hata kipepewe namna gani. Sakafu hiyo hupimwa kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Hakuna fundi wa vyungu, hata awe hodari vipi, awezaye kutengeneza chungu kinachoivunja. Kwa kawaida chungu kizuri kilichowekwa kivulini penye upepo hufika theluthi mbili hivi ya njia kutoka joto la hewa hadi sakafu. Kibaya huishia nusu au chini ya hapo.

Chukua mchana wa Dodoma kabla ya mvua kuanza, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 30. Sakafu iko nyuzi 18 hivi, sawa na pengo la nyuzi 12. Chungu kinachofika theluthi mbili ya njia kitashuka nyuzi 8, na maji yatakuwa nyuzi 22. Hayo ni maji ambayo mtu akinywa husema ni ya baridi.

Sasa chukua mchana wa Februari huko Mbagala, hewa nyuzi 32 na unyevu asilimia 65. Sakafu iko kati ya nyuzi 26 na 27. Pengo lote halifiki nyuzi 6, na chungu kile kile, cha fundi yule yule, kitashuka nyuzi 3 hadi 4. Maji yatakuwa nyuzi 28 au 29. Katika siku za masika, hewa ikiwa nyuzi 29 na unyevu asilimia 80, pengo lote ni nyuzi 3, na mnunuzi akipata nyuzi 2 ashukuru. Nafuu ya Dar es Salaam huja katika miezi ya kipupwe, Julai na Agosti, ambapo mchana wa nyuzi 29 na unyevu asilimia 55 hutoa pengo la karibu nyuzi 7, na chungu kikashuka nyuzi 4 hadi 5. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo mboga hazisumbuliwi sana na joto.

Wapo wanaotegemea upepo wa baharini. Upepo husaidia mtungi kuikaribia sakafu upesi zaidi, kwa kuwa huondoa mvuke uliosimama karibu na ukuta. Hauishushi sakafu yenyewe. Tena upepo unaotoka baharini huja umeshabeba mvuke, kwa hiyo mwenye genge wa Kunduchi hana cha kujivunia mbele ya mwenzake wa Chamazi.

Ishara ya hewa yenye unyevu mwingi haihitaji chombo chochote. Chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu ikiwekwa mezani Dar es Salaam hutoka jasho mara moja na kulowesha meza. Jasho hilo halitoki ndani ya chupa, bali ni mvuke wa hewa uliogusa ubaridi ukarudi kuwa maji. Penye meza iliyolowa namna hiyo, chungu hakina kazi kubwa.

KIPIMO CHA VIPIMAJOTO VIWILI

Mtu hana haja ya kununua chungu ili ajue kitamsaidia au la. Anahitaji vipimajoto viwili vya kawaida vya ukutani, vya kioo, ambavyo vikiwekwa pamoja husoma sawa. Kimoja huachwa kikavu. Cha pili hufungwa ncha yake kwa kipande cha pamba au utambi wa taa uliolowekwa katika maji safi ambayo yamekaa chumbani na kuchukua joto la hewa ya hapo. Vyote viwili hutundikwa kivulini pale pale ambapo chungu kingewekwa, kisha hupepewa kwa ukili au kipande cha boksi kwa dakika 5 mfululizo. Namba ya kile kilicholowa husomwa kwanza, kabla kitambaa hakijaanza kukauka.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo pengo. Theluthi mbili ya tofauti hiyo ndiyo anayoweza kuitarajia kutoka kwa chungu kizuri. Kipimo kifanywe saa nane au saa tisa mchana, kwa siku kadhaa, na kirudiwe katika msimu mwingine. Anayepima asubuhi saa moja ataona pengo la nyuzi 1 au lisiwepo kabisa, naye atakata tamaa mapema mno. Anayepima siku moja tu ya kipupwe atajipa matumaini yasiyo yake.

Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ilishirikiana na Kituo cha Mboga Duniani, ambacho ofisi yake ya Mashariki na Kusini mwa Afrika iko Arusha, kupima vyungu hivi nchini Mali. Mwongozo uliotokana na kazi hiyo unasema vinafaa hasa pale ambapo unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 40 na joto la mchana linapita nyuzi 25. Dar es Salaam hutimiza sharti la pili karibu mwaka mzima. La kwanza ndilo linaloishinda.

MAJI YA KUUZA

Mama lishe au muuza maji anayefikiria kuweka mitungi mahali pa jokofu aangalie mteja wake. Maji ya nyuzi 28 yanaridhisha nyumbani, hasa kwa wale wasiopenda baridi ya meno. Mteja aliyeshuka kwenye daladala saa nane mchana, aliyezoea maji ya jokofu, hatayalipia bei ya maji ya baridi.

Mahali ambapo mtungi unaweza kulipa ni katika kupunguza barafu. Kushusha lita 20 za maji kutoka nyuzi 32 hadi nyuzi 10 kwa barafu kunahitaji karibu kilo 5, hata kabla ya kuhesabu inayoyeyuka bure. Maji hayo yakikaa kwanza ndani ya mtungi yakafika nyuzi 28, zinahitajika kilo 4. Kilo 1 kati ya 5 imebaki mfukoni, kila siku, kwa chombo kisichodai umeme. Kwa mwenye jokofu faida ni hiyo hiyo, isipokuwa huonekana kwenye luku badala ya kwa muuza barafu.

Lakini mtungi haosafishi maji. Kata inayochovywa na mikono mingi hugeuza mtungi mzima kuwa hatari, na wakazi wa Kinondoni hawajasahau kipindupindu kilicholipuka huko Agosti 2015. Maji yachemshwe kwanza, mtungi ufunikwe, na yatolewe kwa kata yenye mpini mrefu isiyotoka hapo, au kwa bomba lililofungwa chini ya mtungi.

MBOGA: JOTO NA KUNYAUKA NI MAMBO MAWILI

Mboga iliyovunwa bado inapumua, na kupumua huko ndiko kunakoila. Kwa kawaida joto likipungua nyuzi 10, mwendo huo hupungua kwa nusu au zaidi, na mboga hukaa mara mbili hadi tatu ya muda wake. Joto likipungua nyuzi 3 tu, nyongeza huwa robo hadi theluthi. Nyanya ambayo ingekaa siku 4 itakaa siku 5. Ndiyo tofauti kati ya siku 27 za Nigeria na kinachoweza kupatikana Temeke.

Kwa mboga za majani, hata hivyo, hasara kubwa ya siku hiyo hiyo haitokani na kupumua. Inatokana na kupoteza maji. Jani likipigwa na jua na upepo hukauka na kulala. Ndani ya chungu hewa imetulia na ina unyevu mwingi, kwa hiyo jani husimama. Faida hii ipo hata Dar es Salaam, maana hewa ya kivulini ina unyevu lakini meza iliyo juani haina huruma. Swali la mwenye mtaji ni hili: je, faida hiyo inahitaji chungu?

Mara nyingi haihitaji. Tenga lililotandikwa gunia la katani lililolowa, likawekwa kivulini na kufunikwa kwa gunia jingine lililokamuliwa, hulinda majani dhidi ya kunyauka kwa njia ile ile. Na kwa kuwa nalo hupoza kwa maji yanayogeuka mvuke, huteremka nyuzi chache karibu sawa na chungu.

HESABU YA GENGE MOJA

Namba zifuatazo ni za mfano, na kila mwenye genge aweke zake. Genge la Mbagala hununua mafungu 40 ya mchicha kila alfajiri, na huuza fungu shilingi 500. Kufikia alasiri mafungu 6 yamenyauka na huuzwa nusu bei. Hasara ni shilingi 1,500 kwa siku.

Jozi ya vyungu pamoja na mchanga na usafiri imegharimu shilingi 40,000. Ikiokoa nusu ya hasara, mwenye genge hupata shilingi 750 kwa siku na kurudisha fedha yake baada ya siku 54. Kwa kuangalia hivyo, biashara inaonekana nzuri.

Lakini tenga na magunia mawili yamegharimu shilingi 6,000. Yakiokoa theluthi moja ya hasara, ni shilingi 500 kwa siku, na fedha hurudi kwa siku 12. Kwa hiyo chungu hakipaswi kupewa sifa ya shilingi 750 zote. Kilichoongeza juu ya tenga ni shilingi 250 kwa siku, kwa mtaji wa ziada wa shilingi 34,000. Siku zinazohitajika kuurudisha ni 136, na ndani ya muda huo chungu kimoja kikigongwa na toroli, hesabu huanza upya.

Hesabu hiyo hiyo ikipelekwa Dodoma hubadilika sura. Huko nyuzi 8 za kushuka zinaiongezea nyanya, bamia na bilinganya siku nyingi, na muuzaji anaweza kununua tenga zima siku ya mnada akauza wiki nzima bila kulazimishwa na kuoza. Siku hizo ndizo gunia lililolowa haliwezi kuzitoa kwa urahisi, kwa sababu katika hewa kavu hukauka ndani ya muda mfupi, na chungu chenye mchanga hushika maji toka asubuhi hadi jioni.

ANAYENUNUA AANGALIE NINI

Kwa aliyepima na kuona pengo linamtosha, chungu chenyewe kina majaribio machache. Kigongwe kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Kijazwe maji na kilazwe usiku kucha. Asubuhi ukuta wa nje unapaswa kuwa na unyevu mkononi, lakini usidondoshe. Kinachobaki kikavu kimechomwa hadi vitundu vikafunga, au kimepakwa kitu, nacho hakitapooza. Kilichopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo kinafaa kwa maua. Wafinyanzi wa Kikisi wa Matema na Ikombe, pembeni mwa Ziwa Nyasa, wanasifika kwa vyungu vyao, lakini safari ya hadi Dar es Salaam ni ndefu na vinavyovunjika njiani huingia kwenye bei ya vilivyofika.

Katika jozi, nafasi kati ya chungu cha nje na cha ndani iwe kama vidole viwili hadi vitatu. Mchanga ulowe mara mbili kwa siku, lakini maji yasituame. Juu kuwe na kitambaa kibichi, na jozi isimame juu ya kichanja ili hewa ipite hata chini yake. Jua likiifikia hata kwa saa moja, joto linaloingia hushinda linalotoka.

Kosa linalojitokeza sana katika vitongoji vya Dar es Salaam ni maji ya kisima yenye chumvi. Maji huondoka, chumvi hubaki ndani ya ukuta. Baada ya muda utando mweupe hutokea nje, vitundu huziba na chungu huacha kutoa unyevu. Dawa yake ni kukisugua kwa brashi bila sabuni, kukiloweka katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa siku mbili au tatu huku yakibadilishwa, na kuanzia hapo kutumia maji ya bomba au ya mvua kulowesha mchanga.

Si kila kitu kiingie. Vitunguu na viazi vinataka pakavu, na ndani ya chungu huota au kuoza. Nyanya ziingie zikiwa zimekaushwa, kwa sababu tone la maji lililokaa kwenye kikonyo ni mlango wa ukungu. Maziwa, nyama na samaki havina mahali humo kabisa, kwa kuwa nyuzi 28 na hata nyuzi 22 bado ni joto linalowapendeza wadudu wa kuozesha.

Kwa hali hiyo, aliyetaka kuingiza shehena ya jozi za vyungu kuwauzia wenye magenge wa Kinondoni na Temeke ana sababu ya kusita, kwani mnunuzi wake ataona nyuzi 3, na habari hiyo itafika gengeni kwa jirani kabla ya wiki kwisha. Mwenye gari linalorudi tupu kuelekea Dodoma au Singida baada ya kushusha mazao Dar es Salaam ana hesabu tofauti. Bidhaa ni ile ile, na hewa ya mwisho wa safari ndiyo inayoipa thamani.